Isaka au Ismail: swali la kuuliza mwisho

"Nimepewa darasa la dini linganishi, Waislamu na Wakristo wamechanganyika. Nataka maswali yatakayowafanya wabishane kwa heshima bila kuumiza imani ya mtu. Nianzie wapi?"

Anzia kwa Ibrahimu na mwanawe, mwalimu mwenzangu, ila usifungue na swali ambalo kila mtu analitarajia: mtoto aliyekaribia kuchinjwa alikuwa Isaka au Ismail? Mimi nililiuliza mwaka wangu wa kwanza kazini. Haukupita muda, "wao wanasema" ikageuka "nyinyi mnasema", na binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akafunga daftari lake. Likiulizwa hivyo, swali hilo linamtaka kila mmoja amwambie mwenzake kwamba kitabu chake kimekosea.

Siku hizi nawapa kurasa mbili wazisome kimyakimya: Mwanzo sura ya 22, na Surat As-Saffat aya ya 99 hadi 113. Kisha nauliza: mtoto anajua nini, na anakijua lini? Katika Mwanzo, Isaka amebeba kuni mgongoni, anauliza mwanakondoo wa sadaka yuko wapi, na baba anajibu kwamba Mungu atajipatia mwenyewe. Katika As-Saffat baba anamsimulia mwanawe ndoto aliyoiota, anamuuliza yeye anaonaje, na mtoto anamwambia atende alivyoamrishwa. Hapo ubishi unawaka. Mmoja atasema mtoto aliyeulizwa rai yake ametii kwa hiari, kwa hiyo mtihani ni wa watu wawili. Mwingine atashikilia kwamba kimya cha baba ndicho kinachoonyesha uchungu wake. Nimeona Mkristo akivutwa na yale mazungumzo ya As-Saffat na Mwislamu akivutwa na kile kimya cha Mwanzo, na hakuna aliyelazimika kutoka katika dini yake ili aseme hivyo.

Wapo wanaosema njia hii inakwepa jambo lenyewe, na siwezi kuwapuuza. Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao wanachinja kila Iddi el-Hajj haisomi habari ile kama hadithi tamu ya baba na mwana. Kwake ni ufunuo. Ukimzuia asiseme anachokiamini, unamfundisha kwamba imani ni kitu cha kuacha mlangoni, na kwamba tofauti ni aibu.

Wanaotaka tahadhari nao wana sababu. Wengi wetu tunajua mihadhara ya hadharani ambapo Biblia na Qurani hufunguliwa ili kumtega mwenzio, na sheria ya Tanzania inamwadhibu anayesema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Tena aliyeko uwanjani akichukizwa anajiondokea, lakini mtoto aliyeko darasani hana pa kwenda mpaka kengele igonge. Kwangu hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo maana lile swali la jina nalichelewesha. Kulifuta, hapana.

Likifika zamu yake, naligeuza. Wakristo wanapewa hili: kwa hoja gani Waislamu wengi husema ni Ismail, ilhali aya zile hazimtaji jina? Waislamu wanapewa hili: Wayahudi na Wakristo wanaelewaje maneno "mwana wako wa pekee" kwa Isaka, ilhali Ismail alitangulia kuzaliwa? Wa kwanza watagundua kwamba bishara ya Is-haka inakuja katika aya ya 112, baada ya kisa kwisha, na kwamba Mwanzo yenyewe inasema Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ismail alipozaliwa na 100 alipozaliwa Isaka. Wa pili watafika sura ya 21, ambako Ismail ameshaondoka nyumbani na Isaka ametajwa kuwa ndiye wa ahadi. Kisha mwenye imani hiyo ndiye anayesahihisha: "Ndivyo tunavyosema," au "Hapana, hapo hujatuelewa." Kundi halijamaliza kazi mpaka liambiwe ndivyo.

Baada ya hapo nawaambia kwamba Tabari, mfasiri mkubwa wa Qurani aliyefariki mwaka 923, alielekea kwa Is-haka, na Ibn Kathir wa karne ya 14 akamtetea Ismail kwa nguvu. Darasa hutulia likisikia kwamba ubishi huu uliwahi kuwa wa Waislamu wao kwa wao.

Kama una Mwislamu mmoja tu darasani, au Mkristo mmoja, usimfanye msemaji wa dini nzima. Sahihisha wewe, kutoka katika maandishi, na yeye aongeze akipenda.

Na zile karatasi usiziache zikazagaa. Yupo atakayesita kushika msahafu bila udhu, kwa hiyo chapa tafsiri ya Kiswahili peke yake, na kipindi kikiisha zikusanye zote kwa mkono wako, za Mwanzo na za As-Saffat, uziweke kabatini pamoja. Mwaka wa kwanza niliikuta moja sakafuni, ina alama ya kiatu.