Dakika 9 za video, dakika 31 za sauti

"Podikasti yetu ya korosho hapa Newala, kipindi cha dakika 50: YouTube inaonyesha wastani wa dakika 9, Spotify tukigawa dakika zote kwa `streams` tunapata 31. Tuache video?"

Msiache bado. Wastani huo wa aina mbili haujaanzia mahali pamoja. Spotify huhesabu `stream` pale mtu anapofikisha sekunde 60. Aliyetoka kabla haingii kwenye hesabu hiyo. Wastani wa YouTube unawabeba hata walioonja sekunde kumi wakapita.

Wekeni mwanzo sawa. Tuseme video ina watazamaji 1,000, yaani dakika 9,000, na grafu ya `Audience retention` kwenye dakika ya kwanza inasoma asilimia 55. Walioondoka ni 450. Tukiwapa nusu dakika kila mmoja, ni dakika 225. Zinazobaki 8,775, gawa kwa watu 550: karibu dakika 16. Sauti bado iko mbele, lakini si kwa pengo lile.

Pengo lililobaki halithibitishi kwamba maongezi yanachosha. Asiyelipia YouTube Premium akifunga skrini, sauti kwa kawaida inakata. Mwenye sauti tupu anaweka simu mfukoni na kuendelea kupalilia. Video pia inakula bando zaidi, na YouTube huipeleka kwa wageni wengi ambao hawakuwa wanaitafuta. Kwa upande mwingine, dakika 31 za sauti nazo si ushahidi wa masikio: simu inaendelea kucheza hata mwenyewe akiwa amesinzia. Video ina kasoro hiyohiyo iwapo simu imelazwa mezani skrini ikiwaka.

Kwa hiyo mimi naamini umbo la mstari wa grafu ya waliobaki kuliko wastani. Kipindi cha maongezi kushuka taratibu ni kawaida. Kinachohitaji kazi ni poromoko la ghafla. Lifungueni hapohapo na msikilize dakika moja kabla yake, maana mara nyingi sababu iko huko.

Chukua dakika ya 14, mtaalamu anazungumzia ubwiri unga na kusema, "kama mnavyoona kwenye jani hili." Kwenye video mstari unaweza kupanda, kwa sababu watu wanarudisha nyuma watazame tena. Kwenye sauti sentensi hiyohiyo inamwacha msikilizaji gizani, na mstari unaporomoka. Hapo mtangazaji aingilie papo hapo: "Yaani unga mweupe kwenye majani machanga na maua." Sekunde nne tu, na mtazamaji hapungukiwi kitu.

Wakati wa kutaja kipimo cha salfa, mstari wa video ukipanda maana yake watu wanarudia ili waandike. Kwenye sauti kurudisha nyuma ukiwa na jembe mkononi ni taabu, kwa hiyo kipimo kitajwe mara mbili, na kiandikwe kwenye maelezo ya kipindi.