Niliomba udhamini, nikapewa namba ya malalamiko

Jamani. Nina chaneli ndogo ya mapishi, sosi ya kampuni moja ya hapa kwetu naitumia kila siku, nikasema kwa nini wasinidhamini. Nikaandika imeili ndefuuu, kichwa nikaweka "Kuhusu chupa yenu ya sosi", nikaituma kwenye ile anwani pekee iliyobandikwa kwenye chupa. Sasa anayeandikwa kwenye chupa ni kastama kea, watu wa maketing huwa wamejificha kwingine huko.

Sabskraiba wangu ni wachache, kwa hiyo ili nisionekane mnyonge nikaambatanisha skrinshoti ya ile grafu ya YouTube Studio inayoonyesha watazamaji wanabaki mpaka wapi. Kwa kawaida huo mstari unashuka taratibu kadiri watu wanavyokimbia, lakini wangu dakika ya 4:10 unapanda kama kichuguu, na kichuguu mara nyingi maana yake watu wanarudisha nyuma waangalie tena. Nikajigamba kabisa, "muone wanavyovutiwa na sosi yenu." Na linki nikaweka.

Dada wa kastama kea akafungua linki. Akaenda moja kwa moja dakika ya 4:10. Ndipo mfuniko wa chupa yao unapogoma, navuta, nagonga chini ya chupa, naubana na taulo, mara paa! sosi iko darini, na tone moja linaning'inia pale juu, linafikiria, halafu linaniangukia kwenye nyusi huku naendelea kusema "rafiki zangu, hatua inayofuata."

Jibu likaja: "Ndugu mteja, pole sana kwa usumbufu. Malalamiko yako yamepokelewa. Tafadhali tutumie namba ya bechi iliyo chini ya chupa."

Nikajibu dada silalamiki, naomba udhamini. Akajibu kwa upole wote kwamba fidia haitolewi bila namba ya bechi 😭 Nikamtumia, ningefanyaje. Wakaniletea chupa mpya, na fomu ya kukadiria huduma.

Kwenye fomu kuna kisanduku cha maoni, kidogo hicho, herufi 250 tu basi. Yaani hapo ile hadithi yangu ya "tangu utotoni napenda kupika" haiingii hata kwa dawa. Nikabakiza ya maana: watazamaji wangu wengi ni watu wa hapa hapa mnapouzia, nitapika video moja kwa sosi yenu, nitasema wazi kwamba nimelipwa, naomba niongee na mtu wa maketing. Nikapiga nyota tano, nikatuma.

Kesho yake maketing hao hapo! Wanataka bei, wanauliza pia kama wataruhusiwa kuirusha video kwenye kurasa zao, mistari miwili tu. Lile ombi la kwenye imeili ndefu hakuna aliyeligusa mpaka leo.

Sharti lao ni moja, tena wameliandika kwa herufi nzito: mfuniko ufunguliwe kabla kamera haijawashwa.