Kikombe cha maji mchana wa Ashura

Mchana mmoja wa tarehe kumi ya Mfunguo Nne, mwezi ambao kwa Kiarabu ni Muharram, nilikuwa nikikatiza vichochoro vya Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nikakuta meza imetandikwa kitambaa cheusi, na juu yake pipa la maji ya barafu na safu ya vikombe. Nyuma ya meza alisimama kijana wa miaka kama kumi na miwili, naye amevaa nguo nyeusi, akaninyoshea kikombe kilichojaa pomoni. Nikamjibu kwa mkato, "Nimefunga," nikapita. Nilipogeuka nilimwona amekirudisha kikombe mezani taratibu, na mzee aliyekaa kwenye baraza karibu naye ameinamisha uso. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kijana yule pia hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri. Sote wawili tulikuwa na kiu, na kiu zetu hazikuwa na maana moja.

Watu wengi wa pwani hii wanaifahamu siku hii kwa upande mmoja tu. Sisi Masunni, ambao hapa kwetu wengi wetu ni Mashafii, tumeipokea Ashura kama siku ya saumu. Hadithi iliyopokewa kwa Ibn Abbas inaeleza kwamba Mtume alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku hiyo kumshukuru Mungu kwa kuokolewa Nabii Musa na kuangamizwa kwa Firauni, akasema kwamba Waislamu wana haki zaidi kwa Musa, akafunga na kuamrisha saumu hiyo. Ramadhani ilipofaradhishwa katika mwaka wa pili wa Hijra, Ashura ikabaki sunna yenye fadhila ya kufutiwa madhambi ya mwaka uliopita. Karibu na mwisho wa maisha yake Mtume alisema kwamba akijaaliwa kufika mwaka ujao atafunga na tarehe tisa pia, ila hakuufikia. Ndiyo maana wengi wetu tunafunga tisa na kumi pamoja. Maibadhi, ambao wako Zanzibar na Oman, nao wanaihesabu saumu hii kuwa ni sunna.

Sasa tazama tarehe. Saumu hiyo ilikuwapo tangu mwanzo wa Hijra. Imamu Hussein, mwana wa Fatma binti Mtume, aliuawa Karbala tarehe 10 Muharram mwaka 61 wa Hijra, sawa na Oktoba 680, yaani nusu karne baada ya babu yake kufariki. Alikuwa amekataa kumpa Yazid, mtawala wa ukoo wa Bani Umayya, kiapo cha utii. Alikuwa na kundi dogo, na idadi iliyoshika katika kumbukumbu za watu ni masahaba 72, mbele ya jeshi la Umar bin Saad lililotumwa na gavana wa Kufa, Ubaidullah bin Ziyad. Kwa siku tatu za mwisho, tangu tarehe saba, walizuiwa wasiteke maji ya mto Furati, na watoto walikuwamo kambini. Kikombe cha yule kijana kimetoka hapo. Meza ile huitwa sabili, na anayekupa maji siku hiyo anakupa kile walichonyimwa watu wa nyumba ya Mtume.

Kwa hiyo Msunni anayefunga hashangilii kifo cha Hussein, kwa kuwa saumu yake imekitangulia kifo chenyewe. Hoja hii ninaiamini, na nimeitoa mara nyingi barazani. Hata hivyo, nilichelewa kuelewa kwa nini jirani yangu Mshia hatosheki nayo. Katika ziara, yaani maneno ya kumsalimia Hussein wanayoyasoma siku hiyo, imetajwa kwamba hii ni siku ambayo Bani Umayya waliitafutia baraka na kuifurahia. Kwa mapokeo yao, baada ya mauaji yale watawala waliigeuza siku kuwa ya heri, kwa saumu ya shukrani, nguo mpya na kuweka chakula cha mwaka, na maimamu wao wakawakataza kufanana nao. Mafakihi wengi wa Shia Ithnaasheri wanasema kufunga siku hiyo ni makuruhu. Badala ya kufunga, wao hujizuia kula na kunywa bila nia ya saumu mpaka baada ya Alasiri, saa ambayo mapigano yalikwisha, kisha hufungua kwa kitu kidogo kisicho na anasa. Mahoja walio Ithnaasheri hukuita kujizuia huko faka.

Nasi tusijifanye hatujui kwamba miongoni mwetu wapo waliopindukia. Ziko riwaya za kupaka wanja siku ya Ashura, na ile ya kuwakunjulia watu wa nyumbani vyakula vizuri, ambazo wanazuoni wa Kisunni wenyewe wamezichambua na wengi wakazidhoofisha. Ibn Kathir, ambaye hakuwa rafiki wa maandamano ya Mashia, aliandika pia dhidi ya watu wa Sham walioipokea siku hiyo kwa mapishi na mapambo ili kuwakomoa. Maoni yangu ni kwamba Msunni afunge kama alivyofundishwa, na akomee hapo. Chungu cha pilau ya sherehe siku hiyo hakina mashiko katika sunna, na harufu yake inaingia dirishani kwa jirani aliye msibani.

Na msiba huo haukuwa wa Mashia peke yao katika lugha yetu. Hemed Abdallah el-Buhry wa Tanga, Msunni yule yule aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, alitunga pia utenzi mrefu wa Sayyidina Hussein bin Ali. Mswahili wa zamani aliweza kufunga mchana na kumlilia Hussein usiku bila kuona mgongano.

Mgeni anayekwenda kutazama anakosea wapi? Mimi mwenyewe nilianza kukosea siku tisa mapema. Tarehe mosi ya Muharram, nikiwa na furaha ya mwaka wa Hijra, nilimsalimia mama jirani kwa bashasha, "Shikamoo mama, heri ya mwaka mpya!" Akaniitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi siku hizi tuna tanzia." Tangu usiku wa kuamkia tarehe mosi kwao hakuna harusi, hakuna kuhamia nyumba mpya, hakuna kupeana pongezi. Salamu inayofaa ni ya kawaida, na ukitaka kuongeza, sema pole kama unavyosema penye msiba wowote.

Kosa la pili ni la mavazi na la kuwachanganya watu. Ithnaasheri huvaa nyeusi, lakini Mabohora, ambao nao ni Mashia, hukaa kwenye mawaidha yao wakiwa na kanzu nyeupe na kofia zao zilizotariziwa kwa rangi ya dhahabu. Wao pia hufuata kalenda ya hesabu badala ya mwandamo, hivyo Ashura yao mara nyingi hutangulia kwa siku moja au mbili. Mahoja wa Kiismailia, wafuasi wa Aga Khan, hawafanyi maombolezo haya kabisa, kwa kuwa wanaye imamu aliye hai. Nimewahi kumsikia mtu akimpa pole muuza duka Mwismailia, naye kwa adabu akaipokea. Mgeni halazimiki kuvaa nyeusi. Inatosha nguo ya stara isiyo na rangi za kung'aa.

Ndani ya imambara, yaani ukumbi wa maombolezo, wanaume na wanawake wana milango yao, na viatu huachwa nje. Majlisi huanza kwa marsiya, mashairi ya msiba, kisha msemaji hupanda mimbari, na kwa muda mrefu hotuba yake ni kama darasa la kawaida la historia au maadili. Mgeni hudhani imekwisha pale sauti inapobadilika, kumbe ndipo anapoingia kwenye masaibu, simulizi la vifo vyenyewe: Abbas aliyekatwa mikono akiwapelekea watoto maji, na mtoto mchanga Ali Asghar aliyechomwa mshale. Watu hulia kwa sauti. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kunyanyuka, kutazama simu au kumnong'oneza mwenzako. Baada yake taa hupunguzwa na matam huanza, yaani kupiga kifua kwa kiganja kwa kufuata mdundo wa nauha, beti za maombolezo. Hakuna atakayekulaumu usipopiga. Simama na mikono imeshuka, nyuma au pembeni, kwa sababu katikati utakuwa kizuizi. Mwishoni wote husimama kwa ziara na kugeuka upande wa Karbala, nawe simama nao, hata kama midomo yako imefumba.

Katika maandamano hupita bendera ziitwazo alam, mfano wa jeneza, na susu ya kukumbuka yule mtoto mchanga. Utaona watu wakizigusa na kujipangusa uso. Kwa Msunni jambo hilo ni gumu, na hatakiwi kulifanya, ila pia si mahali pa kufungua mjadala wa tauhidi. Picha ndizo zinazowaudhi zaidi. Mpiga picha hutafuta damu, naye huku kwetu mara nyingi haioni: Ayatullah Ali Khamenei alikataza kujikata kwa visu mwaka 1994, na jumuiya za Dar es Salaam na Mombasa zimezoea kuwaita watu kuchangia damu hospitalini kwa jina la Hussein. Basi atamwelekezea kamera mwanamke anayelia. Tungekuwa kwenye maziko yetu na mtu akafanya hivyo, tungemtoa.

Chakula kinachogawiwa baada ya majlisi huitwa niyazi. Wako wanaokikataa wakisema kimetolewa kwa asiyekuwa Mungu. Nilimwuliza mzee yule yule wa barazani, akaniambia hutolewa kwa ajili ya Mungu na thawabu hupelekwa kwa Hussein. Mtu aliyekula wali wa hitima maisha yake yote hawezi kuliona hilo kuwa geni. Mwaka uliofuata nilipita tena penye sabili nikiwa na saumu. Safari hii nilisimama, nikaweka mkono kifuani, nikamwambia kijana, "Mwenyezi Mungu akulipe, mimi nimefunga, nitiliye ya magharibi." Akatafuta chupa tupu chini ya meza, akaijaza, akaifunga kwa kitambaa kisimwagike.

Jambo moja linawachanganya wageni wengi wanaoalikwa usiku. Siku ya Kiislamu huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ashura" ni ule unaotangulia tarehe kumi, ndio wenye umati na maandamano. Ukija magharibi inayofuata, utakuta kumekwisha tulia na wengine wamekaa chini gizani, taa zimezimwa au imebaki mishumaa michache. Huu ni usiku wanaouita Shami Ghariban, wa wanawake na mayatima waliobaki baada ya mahema yao kuchomwa. Hapo hakuna meza ya sabili. Vua viatu, ingia taratibu, na uketi pale pale karibu na mlango.