Kipeuo cha 252 kinaficha nini

Chukua mabadiliko ya bei ya kila siku, tafuta mkengeuko sanifu wake, kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha 252, yaani karibu 15.87. Hapo umepata mtikisiko wa mwaka. Hisa inayoyumba 1% kwa siku huandikwa kwamba inayumba 15.9% kwa mwaka. (Hiyo 252 ni idadi ya siku ambazo masoko mengi ya hisa hufunguliwa kwa mwaka, kwa sarafu za kidijitali, ambazo hazina wikendi, hutumika 365.) Sina ugomvi na hesabu yenyewe. Ninachopinga ni kuitumia bila kuangalia kama bei zilizomo zinaistahili.

Kinachojumlishwa siku hadi siku si mkengeuko bali variansi, ambayo ni mraba wake. Variansi za siku 252 zikiwa sawa, jumla yake ni mara 252 ya ile ya siku moja, na ukirudi kwenye mkengeuko unapata kile kipeuo. Lakini variansi hujumlishwa kirahisi hivyo pale tu ambapo mwendo wa leo hauna uhusiano na mwendo wa jana. Uhusiano ukiwepo, kuna sehemu ya jumla ambayo kanuni imeitupa kimyakimya.

Mahali inapotupwa zaidi ni kwenye mali zisizouzwa mara kwa mara: mifuko ya majengo, hatifungani za kampuni ndogo, hisa ambazo hazipati mnunuzi kila siku. Bei inayoandikwa huko huchelewa kuufuata ukweli. Tuseme thamani halisi inayumba 1% kwa siku bila mpangilio wowote, ila nusu ya badiliko huandikwa leo na nusu kesho. Mkengeuko wa bei zilizoandikwa utakuwa 0.71% tu, na ukizidisha kwa 15.87 unapata 11.2%. Ukweli ni 15.9%. Hakuna aliyedanganya, lakini karibu theluthi moja ya hatari imetoweka kwenye karatasi.

Sasa chukua bei zilezile zilizochelewa, upime mabadiliko ya siku tano tano. Mkengeuko unakuwa 2.12%, na ukiuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 50.4, yaani idadi ya vipindi vya siku tano kwa mwaka, unafika karibu 15.1%. Ukipima kwa siku 21, yaani kama mwezi wa soko, unapata 15.7%. Kadiri kipindi kinavyorefuka, ndivyo ucheleweshaji wa siku moja unavyopoteza uzito. Kwa hiyo dalili ya tatizo ni hii: jibu la mwaka linabadilika kila unapobadilisha urefu wa kipindi.

Kwa Python, ikiwa `p` ni safu ya bei katika pandas, kipimo chenyewe ni mistari mitatu:

```python
r = np.log(p).diff().dropna()
r5 = r.rolling(5).sum().dropna()
vr = r5.var() / (5 * r.var())
```

`vr` ikitoka karibu 1, kanuni inafaa. Katika mfano wetu inatoka 1.8. Ikishuka chini ya 1, bei zinarudi nyuma baada ya kupanda au kushuka. Mara nyingi ni kwa sababu zinarukaruka kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji, na hapo kanuni inakuza mtikisiko badala ya kuupunguza. Usikimbilie kutumia takwimu za mwezi peke yake, maana mwaka mmoja una miezi 12 tu na makadirio yatayumba sana. Siku tano zinazopishana, kama kwenye msimbo huo, ni njia ya kati ninayoipendelea.

Kikomo cha pili hakionekani kwenye kipimo hicho. Hata siku zisipohusiana kwa mwelekeo, ukubwa wa mitikisiko huja kwa makundi: misukosuko hufuatwa na misukosuko, kisha soko hutulia. Tarehe 16 Machi 2020, faharasa ya VIX, inayopima mtikisiko wa mwaka ambao soko la hisa la Marekani linautarajia, ilifunga kwa 82.69. Ukigawanya kwa 15.87 unapata karibu 5.2% kwa siku, na siku hiyo S&P 500, faharasa ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka karibu 12%. Lakini VIX hutazama siku 30 zijazo. Ile sura ya mwaka ni namna ya kuiandika tu. Aliyeisoma kama utabiri wa miezi 12 alikosea vibaya, kwa sababu kufikia mwisho wa 2020 faharasa hiyo ilikuwa imeshuka chini ya 25.

Ndiyo maana nikiona mfuko wa majengo na mfuko wa hisa zinazouzwa kila dakika vimepangwa kwenye jedwali moja la mtikisiko wa mwaka, jedwali hilo naliweka kando hadi nijue kila namba ilitokana na bei za siku, wiki au mwezi.