Mahori ya Pemba hayakuchimbwa na bahari

Vijana wanaotembeza wageni huku kwetu nimewasikia wakisema kuwa Pemba ina fiodi kama za Norwei, zile ghuba ndefu na nyembamba zilizoingia baina ya milima. Wazee nao wana yao: bahari imeila nchi, ikachimba mpaka ikafika Chake. Mimi sikubaliani na upande wowote. Vijana naweza kuwasamehe, biashara ni biashara, lakini dai la wazee linafaa kujibiwa, maana ndilo linaloaminika.

Chukua hori la Chake Chake. Limeingia ndani kutoka magharibi, likapindapinda, likatoa matawi madogo kushoto na kulia, na kila tawi ukilifuata hadi mwisho unakuta kijito cha maji matamu kinashuka kutoka bondeni, chini ya mikarafuu. Mawimbi hayachimbi hivyo. Wimbi hupiga uso wa nchi, likabomoa jabali na kuacha ukuta au ufuko, na nguvu yake nyingi huishia palepale. Halina uwezo wa kuingia kilomita kadhaa ndani, kwenye maji yaliyotulia, likakata kona na kugawika matawi. Anayechora umbo hilo ni mto, kwa kuwa maji ya mvua hukusanyika kutoka vilima vingi yakaungana kwenye bonde moja.

Sasa mto ulichoraje chini ya bahari? Jibu ni kwamba wakati ule palikuwa nchi kavu. Yapata miaka 20,000 iliyopita barafu nene ilifunika Kanada na kaskazini ya Ulaya, na maji mengi ya dunia yakawa yamefungika humo. Bahari ilishuka kama mita 120 chini ya ilipo leo. Unguja ilikuwa imeshikana na bara, mtu angetembea kwa miguu. Pemba ilibaki kisiwa, kwa sababu mkondo unaoitenga na bara una kina cha mita mia nane hivi. Lakini pwani yake ilisogea chini, na vijito vyake vikalazimika kushuka hadi huko. Mto ukiongezewa mteremko hukata. Vilima vya magharibi ya Pemba ni mchanga na udongo wa mfinyanzi wa zamani, si jiwe gumu, basi mabonde yakachimbika vizuri.

Kisha barafu ikayeyuka na bahari ikarudi. Ilipanda kwa muda wa miaka kama 13,000, ambayo kwa wastani inakaribia sentimita 1 kwa mwaka, ingawa zipo nyakati ilipanda kwa kasi zaidi. Sentimita moja inaonekana si kitu. Lakini tuseme sakafu ya bonde inapanda mita 1 katika kila mita 100 za kwenda ndani. Hapo kila sentimita ya maji husogeza ufuko mita nzima kuelekea bara. Mtu aliyeishi miaka 60 angeona bahari imeingia bondeni mita 60, bila dhoruba wala kubomoka kitu. Bonde likajaa, migongo ya vilima iliyokuwa baina ya mabonde ikabaki kuwa rasi, kama Ras Mkumbuu, na vilele vilivyojitenga vikawa visiwa vidogo. Bonde la mto lililozama namna hii kwenye pwani ya vilima ndilo linaloitwa ria. Wenye mfano mashuhuri ni watu wa Galisia, Hispania, pale Vigo na Arousa. Jirani zetu wa Mombasa wanalo pia: Kilindini ni bonde la mto lililozama, na ndiyo maana meli kubwa hujisitiri humo.

Fiodi ina mchimbaji mwingine kabisa, na hapa ndipo penye utamu. Mto ukifika baharini kazi yake imekwisha, hauwezi kukata chini sana ya usawa wa bahari. Mto wa barafu hauna mpaka huo. Barafu ni nyepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo donge lenye unene wa mita 1,000 halielei mpaka likutane na maji ya kina cha mita 900 hivi. Kabla ya hapo limelalia mwamba kwa uzito wake wote, linatambaa, na mawe yaliyoganda chini yake yanausaga mwamba. Linaendelea kuchimba mamia ya mita chini ya bahari bila kuijali. Sognefjord ya Norwei ina urefu wa kilomita mia mbili na zaidi, na kina chake kinafika mita 1,300. Bahari ilishuka mita 120 tu. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumwondoa mto kwenye orodha ya washukiwa.

Kuna alama nyingine ambayo nahodha yeyote angeitambua kwa bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina. Hori la mto, ukitoka kichwani kwenda mdomoni, huongezeka kina polepole, kwa sababu mto huteremka. Fiodi hufanya kinyume: kina kikubwa kiko ndani, halafu karibu na mdomo sakafu inapanda. Hapo Sognefjord kina hakifiki mita 200. Barafu ilipotoka baina ya milima ilitanuka, ikawa nyembamba, ikaanza kuelea, ikapoteza nguvu na kuangusha mzigo wake wa mawe.

Ila tahadhari: usikute kina kidogo mdomoni ukashangilia kuwa umepata fiodi. Kwetu midomo ya mahori mara nyingi ina fungu la mchanga au matumbawe, vitu vilivyokuja baada ya bonde kuzama. Cha kutazama ni ndani. Ukipata pima kumi, hata ishirini, mto unaweza kuwa umefanya. Ukipata pima mia tano, tafuta barafu. Au tafuta ufa wa ardhi, kama kwenye Mkondo wa Pemba wenyewe: haukuchimbwa na mto wala barafu, ni sakafu iliyokatika na kudidimia. Kina hukwambia nani hakuhusika, hakikwambii kila mara nani alihusika.

Watu wa Unguja huniuliza mbona kwao mashariki hakuna mahori kama yetu. Mvua kwao pia inanyesha, lakini nchi ile ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Maji huzama mapangoni kabla hayajawa mto, na pasipo mto hakuna bonde la kuzamisha. Ghuba ya Chwaka ni pana na ya maji kidogo, ni kitu kingine.

Kuna jambo moja la leo linalotokana na haya yote. Bonde lililozama halikuacha kuwa bonde. Kila mvua ya masika vile vijito bado vinashusha udongo, na kwa kuwa kichwani maji yametulia, udongo unatua pale pale. Wakati wa bamvua maji yakitoka, ukisimama Chake unaona tope na mikoko mahali ambapo majahazi makubwa yalikuwa yakifika, na leo abiria wanashukia Mkoani. Nasikia wanaopendekeza kuchimba njia ili vyombo virudi. Inawezekana, lakini kuchimba mara moja hakutoshi: udongo utarudi masika yanayofuata, na utarudi mwingi zaidi kila mlima unaokatwa miti juu ya vijito hivyo. Ningeanza huko juu kwanza, kisha ndipo nizungumze na mwenye mtambo wa kuchimbia.