Hashitegi ya mji wako: inamleta mnunuzi wa jirani, au ni pambo tu?

Keki haisafirishwi kama kitenge. Mwokaji wa Buzuruga, Mwanza, anaweza kuifikisha keki ya kipaimara hadi Nyegezi kwa bajaji, krimu ikiwa bado imesimama. Dar es Salaam haifiki. Kwa hiyo mtu wa Mbezi akiipenda picha yake na kuandika "wow", hajamsaidia kitu. Ndiyo maana namchukua mwokaji huyu kuwa mfano, kwa sababu kwake watazamaji 5,000 wa mbali ni hasara ya bando, na watu 40 wa Ilemela na Nyamagana ni biashara.

Chini ya picha zake za Instagram utakuta msururu huu wa hashitegi: #keki #mwanza #foodie #simba #yanga. Je, unamfaa?

Wapo wanaosema hashitegi imeshakufa, na hawasemi ovyo. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, amerudia mara kadhaa kwamba hashitegi haziongezi watazamaji kwa kiasi cha maana. Kazi ya hashitegi, kwa maelezo yake, ni kuusaidia mtandao kujua picha inahusu nini. Kisha Desemba 2024 Instagram ikaondoa uwezo wa kuifuata hashitegi. Zamani mkazi wa Mwanza aliyeifuata #mwanza angeweza kuletewa keki yetu akiwa amelala kitandani, bila kutafuta. Mlango huo umefungwa. Leo picha humfikia kwa sababu alishawahi kutazama za namna hiyo, au rafiki amemtumia, au ameandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia.

Hapo kwenye kisanduku ndipo upande wa pili, wa wanaoitetea hashitegi, unapopata nguvu. Mama anayeandaa ubarikio wa mwanawe Jumapili ijayo hasubiri kuletewa. Anaandika "keki mwanza", na mara nyingi zaidi, tuseme ukweli, anaandika "cake mwanza". Mtu wa namna hiyo ana tarehe na ana bajeti. Hashitegi inayofanana na maneno yake ni kama kibao kilichobandikwa mlangoni. Hakimwiti mpita njia, ila anayeuliza duka liko wapi anakiona.

Mimi naegemea upande huu wa pili, kwa sharti kwamba muuzaji aache kuitumia hashitegi kama kipaza sauti. Wengi wanakosea hapo, na kosa lenyewe huanzia kwenye upana wa neno.

Tazama #keki. Ndani yake wamo waokaji wa Dar, Nairobi, Mombasa na Zanzibar, na hata Wajapani, kwa kuwa nao neno lao la keki, likiandikwa kwa herufi za Kilatini, huwa hilohilo. #mwanza nayo si yetu peke yetu: Malawi kuna wilaya inayoitwa Mwanza, na Zambia ni jina la ukoo la watu wengi. Ukibandika zote mbili, umesema "keki" mbele ya dunia na "Mwanza" mbele ya nchi tatu, lakini "keki ya Mwanza" hujaisema popote kwa neno moja.

Ukikimbilia upande wa pili, ukaandika #kekibuzuruga, utajikuta peke yako. Hakuna atakayeandika neno hilo, kwa sababu mnunuzi wa mjini huanza na mji, halafu ndiyo huuliza, "Mko sehemu gani?" Kinachofanya kazi kiko katikati, yaani bidhaa na mji vikishikana: #kekimwanza na #cakemwanza. Ongeza moja ya shughuli, kwa mfano #kekiyakipaimara wakati wa msimu wake, na moja ya aina ya keki unayoitegemea. Zinatosha. Instagram yenyewe mwaka 2021 ilishauri zitumike 3 hadi 5, ingawa kwa miaka mingi iliruhusu hadi 30.

Mtaa usiutupe, ila uuweke mahali pake. Buzuruga iandikwe kwenye maelezo, kwa sentensi ya kawaida: "Keki za kipaimara na besidei, tupo Buzuruga, Mwanza, tunaleta hadi Igoma na Nyegezi." Kisha weka alama ya mahali juu ya picha, na neno "keki" na "Mwanza" yawemo kwenye sehemu ya jina la akaunti, kwa kuwa utafutaji husoma jina hilo pia. Nikilazimishwa kuchagua kati ya sentensi hiyo moja na hashitegi 5, nachukua sentensi. Wanaozika hashitegi wameshinda katika hoja hiyo.

Kuna udhaifu mwingine ambao wauzaji hawausemi sana. Hashitegi haijui maneno yanayokaribiana. #kekimwanza, #kekizamwanza na #mwanzakeki ni kurasa tatu tofauti, na kila mwokaji akibuni yake, wote wamejificha. Waokaji wa mji mmoja wanaopeana kazi siku za shughuli nyingi wangekubaliana tahajia moja wakanufaika wote, ingawa najua kumshawishi mtu amfungulie mshindani mlango si rahisi. Halafu Kiswahili kina mtego wake: alama ya ritifaa hukata hashitegi. Muuzaji wa Chang'ombe akiandika #kekichang'ombe, kinachobaki hai ni #kekichang tu, na "ombe" inabaki maandishi ya kawaida. Aiandike #kekichangombe. Nafasi na kistari cha kati hukata vilevile. Herufi kubwa hazibadilishi utafutaji, ila #KekiMwanza husomeka upesi zaidi.

Na zile #simba na #yanga? Zitaleta macho siku ya dabi, sikatai. Lakini kama kazi ya hashitegi ni kuueleza mtandao picha inahusu nini, umeuambia kwamba keki yako ni mpira, labda kama kweli umeioka kwa rangi za klabu.

Kabla ya kuchagua, fungua kisanduku uandike kila hashitegi unayoiwazia, kisha tazama picha 9 za kwanza. Hesabu ni ngapi za wauzaji ambao mteja wako angeweza kuwafikia kwa daladala. Ukipata 1 au hakuna, neno ni pana mno. Ukipata 5 au 6, uko kwenye safu yako ya soko. Angalia pia tarehe za picha. Kama mpya kabisa ni ya mwaka juzi, huenda hapana anayepita hapo. Hakikisha pia akaunti yako si ya siri, maana ikiwa hivyo hashitegi zako hawazioni wasiokufuata.

Kujua kama imefanya kazi ni kugumu zaidi, na kupenda kwa watu kusikudanganye. Mwokaji wetu achukue daftari. Kila oda inayoingia WhatsApp aulize, "Samahani dada, umetupata wapi?" na aandike jibu na mtaa wa mteja. Wiki 4 atumie msururu wa zamani, wiki 4 atumie zile 4 alizochagua, bila kubadilisha bei wala idadi ya picha, na miezi yenye kipaimara asiilinganishe na isiyo nayo. Tuseme mwishoni akute oda 11 kutoka kwa jirani na ndugu, 3 kutoka kwa waliokula keki kwenye sherehe, na 2 za watu waliosema, "Nilitafuta Insta." Mbili ni chache, na atakayesema hashitegi ni pambo atazicheka. Ila wale 11 na 3 walishamjua au walishaionja keki yake. Hao wawili, mmoja wa Kirumba na mwingine wa Mkolani, hawakuwa na mtu wa kuwaelekeza Buzuruga.