Jaki au XLR: kinanda kinachovuma hakiponi kwa kubadilishiwa fishi tu

«Papa fundi, kinanda chetu cha kanisa hapa Goma kinavuma kila tukikiwasha. Kebo ni ya jaki, mita 20 mpaka kwenye mikseri. Kijana mmoja anasema tununue kebo ya XLR, mlio utakwisha. Tununue?»

Msinunue bado. Kebo nyingi zinazouzwa zikiwa na jaki upande mmoja na XLR upande wa pili zina waya mmoja tu ndani ya blindaje, ule wavu wa chuma unaouzunguka, na kwenye XLR pini 1 na pini 3 zimelehemiwa pamoja. Fishi imebadilika sura, lakini umeme unapita njia ileile ya zamani. Mtalipa pesa na kinanda kitaendelea kuvuma.

Huyo kijana hakukosea kabisa, ila amechanganya mambo mawili. XLR na jaki ni maumbo ya fishi. Simetriki na asimetriki ni jinsi sauti inavyosafirishwa, na kwa hilo vitu vitatu vinapaswa kukubaliana: chombo kinachotoa sauti, kebo yenyewe, na mlango unaopokea. Jaki yenye mikanda miwili myeusi, ile ya TRS, hubeba sauti simetriki vizuri sana: ncha ni sawa na pini 2 ya XLR, pete ya kati ni pini 3, na shina ni pini 1. Jaki yenye mkanda mmoja, TS, haiwezi, kwa sababu ina njia mbili tu. Vinanda vingi vina tundu za TS, kwa hiyo hata ukiweka kebo ya TRS ya bei kali, upande wa kinanda bado ni asimetriki.

Tuangalie mlio unaingiaje. Katika kebo asimetriki blindaje ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inaukinga waya wa kati, na ndiyo njia ya kurudia ya sauti. Umeme wowote mwingine unaopita kwenye blindaje hiyo unaacha volti zake humo, na mikseri haina namna ya kuzitenga na muziki. Umeme huo hutoka wapi? Kinanda kimechomekwa prizi ya mbele, mikseri prizi ya nyuma, na masi za prizi hizo mbili hazina volti sawa. Goma tuna shida ya ziada. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, na pale lava ya 2002 ilipopita, kuingiza fimbo ya masi mpaka ifikie udongo wenye unyevu si kazi ya nyundo moja. Si ajabu kukuta prizi ina pini ya masi na nyuma yake hakuna kitu. Hapo shaja ya laptopu na vyombo vingine huvujisha umeme kidogo, na umeme huo hutafuta njia kupitia kebo zenu za sauti. Ndiyo sababu mwimbaji anaweza kusikia mikro inamchoma midomo.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme kati ya masi ya mbele na masi ya nyuma kuna milivolti 50, na kinanda kinatoa milivolti 500. Kwenye kebo asimetriki karibu milivolti 50 zote zinaongezwa kwenye sauti: mlio ni sehemu ya kumi ya muziki, na kila mtu atausikia piano inaponyamaza. Kwenye mfumo simetriki, mikseri haipimi sauti dhidi ya masi. Inapima tofauti kati ya waya mbili, pini 2 na pini 3. Uchafu ulioingia sawasawa kwenye waya zote mbili hauonekani katika tofauti hiyo. Mlango unaokataa uchafu kwa desibeli 60 unapunguza zile milivolti 50 mara elfu moja, zinabaki 0.05. Hakuna sikio litakalozigundua katikati ya kwaya.

Wengi husema siri ni kwamba waya wa pili unabeba sauti iliyogeuzwa. Hilo linasaidia kuongeza nguvu ya sauti, lakini silo linaloua mlio. Kinachouua ni kwamba waya zote mbili zina ukinzani sawa kuelekea masi, ndiyo maana uchafu unazipata sawasawa. Shikeni hilo, maana ndilo linaloonyesha suluhisho la bei nafuu linafika wapi na linaishia wapi.

Kabla ya kutoa pesa, tafuteni mlio unapoingilia. Shusheni sauti ya mikseri, chomoeni jaki kwenye kinanda, halafu mfunge jaki hiyo kwa karatasi ya alumini, ile ya pakiti ya sigara inatosha, mpaka iguse ncha na shina kwa pamoja. Iwekeni mahali pakavu isiguse chuma chochote, kisha pandisheni sauti polepole. Kukiwa kimya, kebo ni nzima na mlio unakuja kupitia kinanda na umeme wake. Mlio ukibaki, angalieni kebo yenyewe: ama blindaje imekatika karibu na fishi, ama kebo imelala sambamba na waya wa umeme. Isogezeni nusu mita. Pale ambapo lazima ikutane na waya wa umeme, ivuke kama msalaba, isitembee nao. Blindaje haizuii uga wa sumaku unaotoka kwenye waya wa umeme, kwa hiyo kununua kebo nene zaidi hakutasaidia.

Kama tatizo ni masi, dawa ya kwanza haihusu kebo za sauti kabisa. Vuteni waya wa umeme kutoka multiprizi ileile inayolisha mikseri, mlishe kinanda nao. Kama kuna laptopu iliyounganishwa, chomoeni shaja yake mfanye kazi kwa betri dakika chache: mlio ukizimika, mwizi mmemkamata. Lakini msikate kamwe waya wa masi kwenye fishi ya umeme ili kunyamazisha mlio. Mlio utanyamaza kweli, na siku kihami cha ndani kitakapoharibika, kinanda kitakuwa na volti 220 kwenye chuma chake, na mpigaji atakuwa ameweka vidole juu yake.

Mlio ukibaki baada ya hayo, ndipo kebo inapoingia, lakini ilehemiwe kwa namna nyingine. Tumieni kebo ya mikro, yenye waya mbili zilizosokotwa ndani ya blindaje. Upande wa mikseri, fishi ya XLR ya kiume: blindaje pini 1, waya mwekundu pini 2, waya mweusi pini 3, kila kimoja mahali pake. Upande wa kinanda, jaki ya TS: waya mwekundu kwenye ncha, waya mweusi na blindaje pamoja kwenye shina. Tofauti na ile ya dukani ni ndogo kwa macho, kwani hapa pini 1 na 3 hazikutani kwenye mikseri, zinakutana kule kwenye kinanda tu. Umeme mchafu sasa unapita kwenye blindaje, na mikseri inasoma tofauti kati ya mwekundu na mweusi.

Mipaka yake? Waya mwekundu umeshika ncha ambayo nyuma yake kuna ukinzani wa kinanda, mara nyingi mamia ya omu hadi omu 1,000, na mweusi umeshika masi moja kwa moja. Haziko sawa, kwa hiyo mlio unapungua sana lakini hautoweki kabisa. Ukumbi ukidai kimya kamili, wekeni kisanduku cha DI chenye transfoma karibu na kinanda: kebo fupi ya jaki ya mita 1 au 2 kuingia, kisha XLR ya mita 20 kutoka. Transfoma inapitisha sauti bila waya kugusana, na swichi iliyoandikwa «LIFT» inakata masi ya sauti bila kugusa masi ya umeme. Sauti inayotoka ni ndogo, kwa hiyo inaingia mlango wa «MIC». Kwa ile kebo mliyoilehemu ni kinyume chake: kinanda ni kikali, kikiingia mlango wa «MIC» bila kubonyeza «PAD», kitufe cha kupunguza sauti inayoingia, kitapasua sauti. Na kwa kebo hiyo zimeni 48V ya njia hiyo kwanza, maana umeme wa mikro za kondensa utaingia nyuma kwenye tundu la kinanda.

Sasa niitetee jaki, kwa kuwa siku hizi wapo wanaoidharau. Gitaa la umeme lisilo na betri ni asimetriki kwa asili yake, na jaki ya TS ndiyo fishi yake halali. Hapo adui ni urefu kuliko mlio: kila mita ya kebo huongeza takriban pikofaradi 100, na ukifika mita 20 sauti za juu zinafifia, gitaa linakuwa zito. Baki chini ya mita 6. Kinanda hakina ugonjwa huo, sauti zake za juu zinafika salama hata kwa mita 20. Na kama kinanda kimekaa mita 3 kutoka mikseri na vyote vinakula prizi moja, jaki ya kawaida inatosha, XLR haitaongeza chochote mtakachosikia.

Kwa mikro sijadili. Mikro ya waimbaji hutoa milivolti chache tu, mikseri inazikuza mara mamia, na mlio wa milivolti 1 ambao kinanda kingeustahimili ungemfunika mwimbaji. XLR kwa XLR, hata kwa mita 3. Fishi yenyewe pia inajifunga, mguu ukiikwaa haichomoki, wakati jaki inayochomekwa huku sauti iko juu inagusisha ncha mahali pasipo pake na bafle linapiga kishindo.

Mtego wa mwisho unawahusu wanaocheza nyimbo kwa simu. Kebo yenye jaki ndogo ya 3.5 mm upande mmoja na XLR upande wa pili, ikilehemiwa kama simetriki, inapeleka sikio la kushoto pini 2 na la kulia pini 3. Mikseri inatoa moja kutoka kwa lingine, na chochote kilichoko katikati kinajifuta: mnasikia gitaa na mwangwi, mwimbaji hayupo. Simu haijaharibika. Tumieni kebo inayogawa kushoto na kulia kwenye jaki mbili za TS, muingize njia mbili za «LINE».